Kitabu ni mudhakari, mbona vitabu vinakuwa "jadiidah"?

*"Ustadhi, nipo mwaka wa pili wa nahau. Niliandika al-kutubu-l-judud nikimaanisha vitabu vipya, mwalimu akakata kwa wino mwekundu na kuandika al-kutubu-l-jadiidah. Kitabu kimoja ni mwanamume, vikiwa vingi vinageukaje mwanamke mmoja? Na kama ndiyo kanuni, mbona Qur'ani inasema ayyaaman ma'duudaat? Halafu hizi jamu taksiri, kuna namna ya kuzijua bila kukariri neno moja moja?"*

Ndugu yangu, fungua msahafu kwenye Suratul-Ghaashiyah, sura ya 88, ambayo bila shaka uliihifadhi utotoni pamoja na juzuu ya Amma. Soma aya ya 13 mpaka ya 16 kwa sauti: fiihaa sururun marfuu'ah, wa akwaabun mawdhuu'ah, wa namaariqu masfuufah, wa zaraabiyyu mabthuuthah. Vitanda vilivyoinuliwa, vikombe vilivyowekwa, mito iliyopangwa safu, mazulia yaliyotandazwa. Umekuwa ukiisoma kanuni hii miaka yote bila kuambiwa kwamba ni kanuni.

Tuzitazame aya hizo kwa karibu. Surur ni jamu, yaani wingi, ya sariir, na sariir ni mudhakari, yaani neno la kiume. Akwaab ni jamu ya kuub, nayo ni mudhakari. Namaariq ni jamu ya numruqah, muanathi, yaani neno la kike. Zaraabiyy nayo hurudi kwenye zurbiyyah, muanathi vilevile. Mufradi, yaani umoja, mbili ni za kiume na mbili ni za kike, lakini sifa zote nne zimeishia na taa marbuta, ile taa ya mwisho inayosomwa h ukisimama, zote ziko katika umbo la muanathi mmoja. Kwa hiyo sifa haikutazama jinsia ya kitu kikiwa kimoja. Imetazama wingi wenyewe. Sasa rudi juu kwenye aya ya 2: wujuuhun yawma'idhin khaashi'ah. Wajh, yaani uso, ni mudhakari. Wujuuh, nyuso, zimepata khaashi'ah. Kisha shuka aya ya 19 na 20: milima, jibaal, imesemwa nusibat, na ardhi, ambayo ni moja na ni muanathi kweli, imesemwa sutihat. Mlima mmoja ni jabal, mudhakari. Ikishakuwa mingi, kitenzi chake kina mwisho uleule wa ardhi moja.

Hapo kuna mambo mawili ambayo swali lako limeyafunga kwenye kamba moja, na ndiyo maana yamekutatiza. La kwanza ni jinsi wingi unavyoundwa: je, neno linabaki zima na kuongezwa mwisho, au linavunjwa ndani na kuwa jamu taksiri? Hilo ni jambo la umbo. La pili ni sifa, kitenzi na dhamiri, yaani kiwakilishi, zinazolifuata neno hilo ziwe vipi. Hilo ni jambo la upatanisho, na kinacholiamua katika Kiarabu cha leo si kuvunjika kwa neno, bali ni kama neno linataja watu au la. Rijaal, wanaume, ni jamu taksiri kamili, lakini huwezi kuandika rijaalun jadiidah kwenye insha yako. Na sayyaaraat, magari, haikuvunjwa hata kidogo, ni jamu salimu yenye alif na taa mwishoni, lakini utaandika sayyaaraatun jadiidah. Anayeshika kwamba "taksiri huchukua muanathi" atakosea pande zote mbili.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili lisingepaswa kuwa geni. Tunasema kiboko kikubwa kimepotea tukimaanisha mjeledi, na kiboko mkubwa amepotea tukimaanisha mnyama. Umbo la neno ni lilelile, lina ki- mbele, lakini uhai wa kitu ndio uliochagua kiambishi. Kiarabu nacho kina mpaka wa namna hiyo, ila kimeuchora mahali pengine, na hapa ndipo wanafunzi wetu huteleza sana. Sisi tunatenga chenye uhai na kisicho na uhai. Waarabu wanatenga mwenye akili, aaqil, na asiye na akili, ghairu aaqil. Kwa hiyo mbwa, ng'ombe na kuku, ambao kwetu wanakaa upande wa watu, kwao wanakaa upande wa meza na mawe. Mbwa wakubwa ni kilaabun kabiirah. Ukijikuta umeandika kilaabun kibaar, ujue ni Kiswahili kilichokuongoza mkono.

Sasa kwa nini muanathi, na kwa nini mmoja? Ondoa kwanza picha ya mwanamke. Muanathi wa nahau si jinsia ya kiumbe. Khaliifah ana taa marbuta na ni mwanamume; shams, jua, halina taa na ni muanathi. Taa marbuta ina kazi kadhaa katika Kiarabu, na mojawapo ya zamani ni kutengeneza jina la kundi. Mfano mzuri uko Suratu Yusuf, aya ya 19: wa jaa'at sayyaaratun. Neno hili ambalo leo ni gari, pale maana yake ni msafara. Sayyaar ni mtu mwenye kwenda sana. Ukiongeza taa, wasafiri wengi wanakuwa kitu kimoja, kundi, na kitenzi chake ni jaa'at, cha muanathi mmoja. Lakini usiishie hapo, soma neno linalofuata: fa arsaluu waaridahum, wakamtuma mchota maji wao. Ghafla ni wingi wa kiume. Msafara ulipotokea kwa mbali ulikuwa kundi moja. Walipoanza kutenda, wakawa watu.

Jamu taksiri ilizaliwa katika mantiki hiyohiyo. Neno linapovunjwa, linakuwa jina jipya la mkusanyiko kuliko kuwa kitabu na kitabu na kitabu. Wanazuoni wa nahau husema kwamba jamu hukadiriwa kwa maana ya jamaa'ah, yaani kundi, na jamaa'ah ni neno muanathi, tena ni moja. Ndiyo siri ya jadiidah: sifa haivisifu vitabu kimojakimoja, inalisifu fungu la vitabu.

Ukielewa hivyo, utaona pia kwa nini watu wanatofautiana na vitu. Watu tunawaona mmojammoja, wana majina na nyuso, kwa hiyo ni vigumu kuwaacha ndani ya fungu. Hata hivyo Kiarabu cha kale kiliweza kuwataja kama fungu. Suratul-Hujuraat, aya ya 14, inasema qaalati-l-a'raab, mabedui walisema, na kitenzi ni cha muanathi. Papo hapo wakijibiwa, wanaambiwa lam tu'minuu, hamjaamini, kwa wingi wa kiume. Kwa hiyo mwalimu akikuambia kwamba muanathi mmoja ni wa vitu peke yake, anakufundisha kanuni ya kuandikia leo, na kwa kuandikia ni sawa. Kwa kusomea maandiko ya kale haitoshi.

Hilo linatuleta kwenye ayyaaman ma'duudaat yako, na ni swali zuri kuliko ulivyodhani. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 80, yananukuliwa madai ya watu kwamba moto hautawagusa isipokuwa siku chache: ayyaaman ma'duudah. Katika Aali Imraan, aya ya 24, madai hayohayo yananukuliwa: ayyaaman ma'duudaat. Neno ni moja, maana ni moja, upatanisho ni wa aina mbili. Aya ya saumu, Al-Baqarah 184, ina ma'duudaat, na mistari michache mbele ndani ya aya hiyohiyo kuna ayyaamin ukhar, siku nyingine, ambapo sifa ni jamu taksiri. Kwa maneno mengine, al-kutubu-l-judud uliyoandika si kitu ambacho Kiarabu hakijapata kukisikia. Ni kwamba lugha ya maandishi ilikuja kuchagua njia moja kati ya zile za zamani na kuifanya ndiyo sahihi. Wino mwekundu wa mwalimu ulikuwa wa haki, maana insha yako ni ya leo.

Wanazuoni walitafuta mpangilio ndani ya tofauti hizi, na walichokiona kinasaidia. Waligawa jamu taksiri katika jamu ya uchache, ya vitu 3 mpaka 10, yenye mizani minne, yaani vielelezo vya umbo la neno: af'ul, af'aal, af'ilah na fi'lah, na jamu ya wingi, mizani iliyobaki. Wakaona kwamba vitu vichache huelekea kupata dhamiri na sifa za wingi, na vingi huelekea muanathi mmoja. Aya inayoonyesha hivyo waziwazi ni ya 36 katika Suratut-Tawbah. Miezi ni 12, kisha inasemwa minhaa, katika hiyo, mna minne mitukufu. Dhamiri -haa ya muanathi mmoja inarudi kwenye miezi 12. Halafu inasemwa fiihinna, ndani yake, kwa dhamiri ya wingi, nayo kwa kauli yenye nguvu inarudi kwenye ile minne. Ng'ombe 7 wa ndoto ya mfalme katika Suratu Yusuf nao wako chini ya 10, na wamepata sifa ya wingi, simaan, na dhamiri -hunna. Inaeleweka: vitu vinne unaweza kuvihesabu kwa jicho, kumi na mbili vinaanza kuwa fungu. Lakini usiugeuze mwelekeo huu kuwa sheria. Akwaab ya Al-Ghaashiyah iko kwenye mizani ya uchache, na bado imepata mawdhuu'ah.

Kuna na jambo la tatu. Yusuf, katika aya ya 4 ya sura yake, anasema aliona nyota 11 na jua na mwezi, ra'aytuhum lii saajidiin. Dhamiri -hum na saajidiin ni za watu wanaume kabisa. Kusujudu ni kitendo cha mwenye akili, basi vilivyosujudu vikapewa sarufi ya wenye akili. Ukitunga hadithi ya wanyama wanaozungumza, unaruhusiwa kufanya hivyo pia.

Kwa maandishi yako, basi, jiulize maswali mawili tu kabla ya kuandika sifa: je, ni zaidi ya viwili? Je, ni visivyo watu? Vikiwa viwili, kanuni haigusi, utaandika kitaabaani jadiidaani, kiume kwa kiume. Vikiwa zaidi ya viwili na si watu, kila kinachorudi kwenye neno hilo kinakuwa muanathi mmoja, kila kitu bila kubakiza. Wanafunzi hukumbuka sifa wakasahau dhamiri. Chukua sentensi "vitabu vipya vilianguka nikavichukua": saqatati-l-kutubu-l-jadiidatu fa akhadhtuhaa. Kitenzi kina taa, sifa ina taa, dhamiri ni -haa. Ukiandika akhadhtuhum mwishoni, umevigeuza vitabu kuwa wanaume uliowakamata. Kiashiria nacho ni haadhihi-l-kutub, si haa'ulaa'i; na kirejeshi ni allatii.

Mahali pamoja tu kanuni hii itakuhadaa, napo ni kwenye hesabu. Mtu akishazoea kwamba kutub "ni muanathi", anaandika thalaathu kutubin, kwa sababu amefundishwa kwamba namba 3 mpaka 10 hukhalifu jinsia ya kinachohesabiwa. Amekosea. Namba inatazama mufradi, sifa inatazama jamu. Kitaab ni mudhakari, basi namba inachukua taa: thalaathatu kutubin. Sifa ya haohao kutub ni jadiidatin. Pamoja ni thalaathatu kutubin jadiidatin, taa mbili zenye sababu mbili tofauti. Kwa magari ni thalaathu sayyaaraatin jadiidatin, kwa sababu gari moja ni muanathi. Kama unataka kipimo cha kushika kichwani, Suratul-Haaqqah, aya ya 7, ina sab'a layaalin wa thamaaniyata ayyaam, siku saba usiku na nane mchana: laylah ni muanathi, namba haina taa, yawm ni mudhakari, namba ina taa.

Na sasa kuhusu kukariri. Jibu la kweli ni nusu kwa nusu, na mpaka uko kwenye idadi ya konsonanti.

Neno lenye konsonanti nne linatabirika vizuri. Wingi wake una mdundo mmoja: a fupi, aa ndefu, kisha i. Masjid inakuwa masaajid, maktab inakuwa makaatib. Ikiwa kabla ya konsonanti ya mwisho mufradi ina irabu ndefu, basi i ya mwisho nayo inarefuka: miftaah hutoa mafaatiih, sunduuq sanaadiiq, bustaan basaatiin, finjaan fanaajiin, sultaan salaatiin. Wala mdundo huo si mgeni masikioni mwako. Saahil, pwani, wingi wake sawaahil, na humo ndimo lilimotoka jina la lugha tunayoandikia hapa. Musiibah ilituletea msiba, na jamu yake masaa'ib ikatuletea masaibu. Kiswahili kimebeba mufradi na jamu yake, kikayafanya maneno mawili. Sisi tuliposikia ma- mwanzoni tukaona ni ya ngeli ya ya-, tukasema masaibu haya, masaibu yale, lakini ule mdundo wa ndani ulibaki.

Maneno ya mizani hii yana alama nyingine: hayakubali tanwini, yaani n ya mwisho, yakiwa bila al-. Rudia tena aya zetu ukisikiliza: sururun, akwaabun, zina tanwini, namaariqu haina. Hii ndiyo sababu, na ukikosea hapo kwenye irabu utajua umeipoteza mizani.

Neno la konsonanti tatu ni habari nyingine, na anayekuahidi kanuni anakudanganya. Kuna mielekeo tu. Lenye irabu katikati, kama qalam, walad, sabab, khabar, mara nyingi huenda af'aal: aqlaam, awlaad, asbaab, akhbaar. Lakini jabal limekwenda jibaal. Lenye sukuni katikati, yaani konsonanti ya kati isiyo na irabu, kama bayt, dars, qalb, huelekea fu'uul: buyuut, duruus, quluub. Lakini kalb, linalotofautiana na qalb kwa herufi moja tu, limekwenda kilaab, na yawm limekwenda ayyaam. Haya hushikwa kwa ulimi. Usiyaandike kwenye daftari kama orodha ya mufradi na jamu peke yake, maana utajua kutub na bado ukakosea jadiidah. Andika kila neno na sifa moja ileile kwa pande zote mbili: kitaabun jadiidun, kutubun jadiidatun, kalbun kabiirun, kilaabun kabiiratun, waladun saghiirun, awlaadun sighaarun. Huyo wa mwisho ni mtu, ndiyo maana sifa yake haikwenda na wenzake. Maneno matano kwa siku kwa mtindo huu yanatosha. Jamu usiyoijua itafute kwenye kamusi, na kamusi nyingi za Kiarabu huitanguliza kwa herufi jiim. Zikitajwa jamu mbili au tatu, chukua ya kwanza kwa kuandikia, ila zinapotofautiana kwa maana: buyuut ni nyumba, abyaat kwa kawaida ni beti za shairi, na zote ni za bayt.

Kitu kimoja sitaweza kukusahihishia kwa maandishi ya herufi hizi, nacho ni irabu za mwisho. Tena hapa h moja inasimama kwa herufi mbili za Kiarabu, na s na t vilevile. Tunga sentensi kumi zenye jamu, nne za vitu, tatu za wanyama na tatu za watu, uziandike kwa herufi za Kiarabu na harakati zote, kisha umsomee mwalimu wako ana kwa ana bila kusimama mwisho wa maneno. Ukisimama, kila taa marbuta inakuwa h, na makosa yako yanajificha. Akikusahihisha mara tatu kwenye wanyama, ni ule mpaka wa uhai na akili. Akikusahihisha kwenye namba, rudi kwenye Al-Haaqqah.